Juu ya nini 50? Historia ya maelezo madogo ya chini ya ukurasa

Sisi wote tuliopita Egzetat tunajua ile namba: 50. Tangu 1967, mwaka egzame hiyo ilipoanza katika inchi yetu, ukipata 50% uko na diplome, ukikosa unarudia. Lakini kuko mtu alishakuuliza juu ya nini 50, si 45 ao 60? Mimi sikujiuliza mpaka siku mzee mmoja aliponiuliza hapa Kisenge.

Tulikuwa tumeandaa egzame ya wamonitere wa kilimo, wale wanaopita vijijini kushauri walimaji. Maswali 40, kila moja na majibu manne ya kuchagua. Yule mzee alipata 24, ni kusema 60%. Tukamwambia ameanguka. Akasema: « Petit, hata Egzetat wanaitikia 50. Ninyi munaniangusha na 60? »

Swali lake lina historia. 50 haisemi kitu juu ya ugumu wa maswali. Maswali yakiwa mepesi, 50 inapitisha mtu asiyejua kazi. Yakiwa magumu, inaangusha anayejua. Mu 1954, Leo Nedelsky alitafuta njia ya kutoa alama ya kupita ndani ya maswali yenyewe. Kisha mu 1971, William Angoff wa Educational Testing Service, kule Amerika, aliandika sura ndefu katika kitabu cha upimaji wa elimu kilichosimamiwa na Robert Thorndike. Sura ilikuwa juu ya mambo mengine. Hii njia aliipa mafungu machache tu, na namna tunayotumia leo iko katika maelezo ya chini ya ukurasa! Tena yeye mwenyewe alisema wazo si lake, ni la mwenzake Ledyard Tucker. Lakini jina lililobaki ni Angoff.

Njia ni hii. Unaita watu wanaojua kazi. Sisi tulikuwa watano. Mbele ya yote munaelewana juu ya mtu mmoja wa kufikiriwa: monitere anayestahili kidogo tu, yule wa mwisho ambaye ungekubali kumtuma kijijini. Si mwanafunzi wako bora, si wewe mwenyewe. Kisha kwa kila swali unajiuliza: watu 100 wa namna hiyo, wangapi watajibu sawa?

Swali moja lilikuwa hili: mahindi yamepandwa kwa sentimetre 80 na 50, mbegu mbili kila shimo, hektare moja ina miche ngapi? Tukaandika 60, 70, 40, 65 na 65. Aliyeandika 40 tukamwomba aeleze. Akasema: « Wengi watahesabu mashimo 25.000 na kusahau kuzidisha kwa mbili. » Ni kweli. Tukaandika tena, kila mtu peke yake: 50, 60, 45, 50, 55. Katikati yake ni 52, kwa hiyo swali hilo linaleta 0,52. Ukijumlisha maswali yote 40, sisi tulipata 25,2. Kanuni tuliiandika mbele ya kufungua karatasi: tunachukua namba nzima iliyo karibu. Basi, 25.

Tukamwonyesha mzee makaratasi yetu, swali kwa swali. Hakupinga hesabu. Aliweka kidole kwenye swali moja la trakta, ambalo tulikuwa tumeliwekea 75. « Trakta gani, hapa kwetu? »

Tukarudi kuangalia majibu ya watu wote 31. Saba tu walijibu sawa. Mtu anayebahatisha kati ya majibu manne anapata moja juu ya nne; kwa watu 31 ni karibu nane. Kumbe hata kubahatisha kulishinda swali letu. Tulikuwa tumefikiria mashamba makubwa ya karibu na Kolwezi, tukasahau mtu wetu wa kufikiriwa anafanya kazi wapi.

Swali tuliliondoa kwa watu wote, si kwa mzee peke yake. Walioljibu sawa walipoteza pointi moja, na hesabu ya kupita ikashuka: 25,2 kutoa 0,75 ni 24,45, basi 24 juu ya 39. Mzee hakuwa amelijibu, akabaki na 24 zake. Alipita.

Musifikiri kama njia hii inatoa ukweli kutoka mbinguni. Kati yetu watano, mmoja peke yake alifika 23 kwa maswali yote, mwingine 27. Tungebadilisha watu wawili, namba ingesogea. Alama ya kupita ni hukumu ya watu, na itabaki vile. Lakini hukumu hii iliandikwa, swali kwa swali, ndiyo maana mzee alipata mahali pa kuweka kidole. Kwa ile 50, angeweka wapi?