Nukta Zinazosema Kabla ya Kuvuka Mpaka

Kindu iko ukingoni mwa mto Kongo, ambao wenyeji wa Maniema wanauita Lualaba. Shehena hufika kwa ndege, kwa treni kutoka kusini, au kwa mto kutoka Ubundu. Chupa ya kitendanishi inayopita njia hizo hukutana na joto na kusubiri kabla ya kuingia kwenye friji ya maabara. Ikiharibika kidogo tu, haibadiliki rangi wala harufu, na mashine itaendelea kutoa majibu. Kinachoweza kuifichua ni karatasi yenye mistari na nukta.

Karatasi hiyo ilianzia kiwandani, mbali na hospitali. Tarehe 16 Mei 1924, Walter Shewhart, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya vifaa vya simu ya Western Electric huko Marekani, alimwandikia mkuu wake waraka mfupi wenye mchoro. Hoja yake ilikuwa kwamba kila kipimo huyumba, na kuna kuyumba kwa kawaida na kuna kuyumba kwenye sababu. Ukichora wastani katikati na mipaka juu na chini, utajua lini utafute sababu na lini uache kazi iendelee.

Mwaka 1950, Stanley Levey na E. R. Jennings waliuingiza mchoro huo katika maabara za tiba. Wao walipima sampuli ya udhibiti mara mbili mbili. Miaka miwili baadaye, Henry na Segalove walipendekeza njia nyepesi zaidi: pima seramu ileile mara moja, kisha weka nukta yake moja kwa moja kwenye chati. Njia hii ndiyo iliyoenea, ingawa jina lililobaki ni la Levey na Jennings.

Tuchukue mfano wa sukari ya damu. Mtaalamu wa maabara anapima seramu ya udhibiti kwa siku 20 na kupata wastani wa 100 mg/dL na mchepuko sanifu wa 3. Basi mipaka ya michepuko miwili ni 94 na 106, na ya michepuko mitatu ni 91 na 109. Mashine ikiwa nzima, takribani nukta 19 kati ya 20 hubaki kati ya 94 na 106. Maana yake ni kwamba moja kati ya 20 hutoka nje bila kosa lolote. Ndiyo sababu maabara nyingi zilizoea kurudia kipimo mpaka nukta irudi ndani, na kosa la kweli likajificha katika mazoea hayo.

Mwaka 1981, James Westgard na wenzake walitoa dawa ya tatizo hilo: usiiulize nukta moja, uliza mfuatano wake. Nukta moja ikivuka michepuko miwili ni onyo tu. Ikivuka mitatu (1-3s), majibu ya wagonjwa yanazuiwa. Mbili mfululizo zikivuka miwili upande mmoja (2-2s), yanazuiwa pia. Nne mfululizo zikivuka mchepuko mmoja upande uleule (4-1s), vilevile.

Sasa Jumatatu inafunguliwa chupa ya toleo jipya la kitendanishi. Nukta zinakuja: 104, 105, 104, 105. Hakuna hata moja iliyofika 106, kwa hiyo anayetazama mipaka tu ataridhika. Lakini zote nne zimevuka 103, na bahati peke yake huleta mfuatano kama huo upande wa juu chini ya mara moja kati ya elfu. Huu ni mruko: kitu kimebadilika siku moja na kubaki hivyo. Mgonjwa aliyefunga kula, mwenye sukari ya kweli 122, sasa anasomwa 127, na mpaka wa kisukari ni 126. Ameandikiwa ugonjwa na chupa. Dawa ya mruko huu ni kusawazisha mashine upya kwa toleo hilo, kisha kupima udhibiti tena.

Mteremko una sura nyingine: 101, 99, 98, 96, 95, 93. Hapa kitu kinachakaa polepole, pengine kitendanishi, pengine taa ya mashine, pengine seramu ya udhibiti yenyewe, maana vijidudu vikiingia hula sukari yake. Fungua chupa mpya ya udhibiti kwanza. Nukta ikirudi karibu na 100, majibu ya wagonjwa yalikuwa salama na chupa ya zamani ndiyo iliyokuwa inaoza. Isiporudi, badilisha kitendanishi, na mwisho kagua taa.

Lakini chati husema kweli tu ikiwa mipaka yake ilipimwa kwenye mashine hiyohiyo. Mtengenezaji huandika kwenye karatasi ya kisanduku mipaka mipana inayokusudiwa kufaa mashine nyingi, tuseme 85 hadi 115. Ndani ya uwanja huo, mruko wa 105 hauonekani kabisa. Zile siku 20 za kupima kwa subira, pale pale Kindu, ndizo zinazoifanya 105 ionekane.