Kifua kikuu: wagonjwa wapya na wagonjwa waliopo ni hesabu mbili

Kuna zoezi moja ambalo linaweza kuangusha wanafunzi wa vyuo vya afya. Zoezi ni hili: zone ya afya iko na watu 100 000. Tarehe 1 Januari, watu 240 tayari wanaugua kifua kikuu. Kufikia tarehe 31 Desemba, wengine 300 wameanza kuugua. Ensidansi ni ngapi, na prevalansi ni ngapi?

Wengi wanajumlisha 240 na 300, wanaandika 540, wanasema ndiyo ensidansi. Hapana. Ensidansi inauliza jambo moja tu: ni wangapi wameanza kuugua katika muda huu? Wale 240 walianza zamani, hawaingii. Jibu ni 300 kwa watu 100 000 kwa mwaka. (Yule aliyepona kisha ugonjwa ukamrudia, Shirika la Afya Duniani linamuhesabu kati ya wapya.) Prevalansi yenyewe ni sawa vile picha: siku ya picha, nani yuko mgonjwa, hata kama alianza jana ao mwaka jana. Tarehe 1 Januari ni 240 kwa 100 000.

Sasa juu ya nini wapya wa mwaka mzima wanapita waliopo? Kwa sababu watu wanatoka katika ile picha: wanapona, wanahama ao wanakufa. Hali ikiwa imetulia, prevalansi ni ensidansi mara muda ambao mgonjwa anabaki na ugonjwa. 240 gawanya kwa 300 inatoa 0,8 ya mwaka, ni kusema karibu miezi tisa na nusu.

Hapo ndipo kosa linakuwa hatari. Barabara ikifungwa, wagonjwa wanachelewa kufika kwa kipimo cha makohozi, na ule muda unaweza kupanda mpaka mwaka 1,2. Ensidansi ikibaki 300, prevalansi inaelekea 360. Anayechanganya hesabu hizi atatangaza kwamba ugonjwa unashika watu wengi zaidi kila mwaka, kumbe bado wanaoanza ni walewale 300. Shida ni kwamba wanakaa wagonjwa muda mrefu. Ukweli ni kwamba wakikaa hivyo bila dawa wataendelea kuambukiza, na baadaye wapya nao wanaweza kuongezeka. Lakini dawa ya kwanza ya shida hiyo ni kufungua njia ya kufikia kipimo.

Mtego wa pili unatoka kwa neno la Kifaransa ambalo watu wanatamka «to». Linatumika kwa kila kitu, na wanafunzi wanaamini kila «to» ni kasi. Tuseme kati ya wagonjwa 210 walioandikwa katika rejista, 189 wamemaliza matibabu vizuri. Hiyo ni 90 kwa mia, na watu wanaiita «to ya kupona». Lakini ni sehemu tu ya jumla: wale 189 wako ndani ya 210, na jibu haliwezi kamwe kupita 100 kwa mia. Prevalansi nayo ni sehemu. Kasi ya kweli ni ile ambayo chini ya mstari iko na muda, watu mara miaka.

Muda huo si mapambo, hasa mahali ambapo watu wanakimbia vita. Turudi kwa zone ileile. Tarehe 1 Julai wadeplase 20 000 wanafika, wanabaki mpaka mwisho wa mwaka. Mwaka huo wapya ni 330, wenyeji na wadeplase pamoja. Mwenye kugawanya kwa 100 000 anapata 330, anasema ugonjwa umepanda. Mwenye kugawanya kwa 120 000 anapata 275, anasema umeshuka. Wote wawili wamekosea. Wadeplase wamekaa nusu mwaka, kwa hiyo 20 000 wanaleta miaka-watu 10 000. Chini ya mstari panakuwa 110 000, na kasi inatoka 300 kwa 100 000 kwa mwaka: haijasogea.

Kwa haki kabisa, wale 240 waliokuwa tayari wagonjwa wangetolewa pia chini ya mstari, maana mtu hawezi kuanza kuugua akiwa tayari anaugua. Katika mwaka wa kwanza ingekuwa 300 juu ya 99 760, karibu 301. Kwa kifua kikuu tofauti ni ndogo, walimu wengi wanaiacha. Kwa ugonjwa ambao umeshika nusu ya kijiji, haiachwi.