Barua ya kuomba msamaha wa sehemu ya gharama za hospitali

Katika barua rasmi nchini Tanzania, *msamaha wa gharama* ni kuondolewa deni, lote au sehemu yake. *Punguzo* ni nafuu ya bei, ilhali katika *kulipa kwa awamu* deni hubaki lilelile. Anayeandika "naomba msaada" pekee huiacha hospitali ikibahatisha anachoomba.

Barua huelekezwa kwa uongozi wa hospitali, K.K. (kupitia kwa) Afisa Ustawi wa Jamii wa hospitali, ambaye huchunguza uwezo wa mgonjwa. Huambatishwa nakala ya ankara na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa au kijiji.

Mfano wa kiini chake:

YAH: OMBI LA KUSAMEHEWA SEHEMU YA GHARAMA ZA MATIBABU

"Ankara ya upasuaji na kulazwa ni Sh. 860,000. Familia imelipa Sh. 300,000 baada ya kuuza mbuzi wanne. Mgonjwa ni kibarua wa shamba, na daktari amemzuia kufanya kazi kwa miezi mitatu. Tunaomba asamehewe Sh. 400,000. Sh. 160,000 zitakazobaki tutazilipa kwa awamu nne za Sh. 40,000 kila mwezi."

Neno *maskini* halimo. Sifa hiyo haipimiki, bali kazi iliyosimama na mifugo iliyouzwa ni mambo ambayo afisa anaweza kuyathibitisha. Aidha, *asamehewe* hufuatwa moja kwa moja na kiasi, bila kihusishi, "asamehewe kwa Sh. 400,000" ni kosa.