Kufuta si Kuondoa

Katika ujenzi wa taswira za kontena, kitenzi kinachopotosha kuliko vyote ni "kufuta". Tazama mistari hii miwili:

```
COPY .env .
RUN npm ci && rm .env
```

Wa kwanza unanakili faili lenye nywila na funguo. Wa pili unasakinisha maktaba za programu, kisha unalifuta faili hilo. Ukiwasha kontena na kuorodhesha mafaili, `.env` hulioni.

Lakini taswira ni matabaka yaliyopangwa moja juu ya jingine, na tabaka likishafungwa halibadiliki tena. `COPY` hufunga tabaka lake. Amri ya `rm` inaangukia tabaka la juu, lisiloweza kugusa la chini. Huacha tu faili tupu liitwalo `.wh..env`, alama ya kuuambia mfumo usilionyeshe lile la chini. Kitenzi cha kweli hapa ni "kufunika". Aliyeivuta taswira amepata matabaka yote: akiendesha `docker save` na kufungua moja moja, atalikuta `.env` zima.

Mwaka 2021 wenye kampuni ya Codecov waliyaona madhara ya siri kubaki tabakani. Mshambulizi alichukua ufunguo wa hifadhi ya Google Cloud kutoka tabaka la kati la taswira waliyoitoa hadharani. Kwa ufunguo huo alibadili hati yao ya Bash Uploader, ambayo wateja waliiendesha katika mitambo yao ya ujenzi, ikawa inampelekea siri za wateja hao. Mabadiliko yalianza Januari 31. Yaligunduliwa Aprili 1, mteja alipolinganisha alama ya hashi ya hati aliyoipakua na ile iliyotangazwa, zikatofautiana.

Ndiyo maana "kukagua" taswira kabla ya kuipeleka kazini kunapaswa kumaanisha kukagua kila tabaka, pamoja na historia ya ujenzi, kwani siri iliyopitishwa kwa `ARG` inaweza kusomwa kwa `docker history`. Hata hivyo, vikaguzi hutegemea sana umbo. Kitambulisho cha ufunguo wa AWS kinachoanza na `AKIA` hunaswa kirahisi. Nywila iliyotungwa kwa maneno ya kawaida huweza kupita.

Njia bora ni siri isiingie tabakani kabisa. `RUN --mount=type=secret` huipa amri moja tu siri hiyo, kwa muda wa kuendeshwa kwake. Hapo neno linalofaa ni "kuazima", mradi amri yenyewe isiiandike kwenye faili jingine.

Na siri iliyokwisha kutoka haifutwi wala haifunikwi: "hubatilishwa". Ufunguo ufungiwe kwanza kule ulikotolewa, utolewe mpya, ndipo taswira ijengwe upya. Anayeanza kwa kujenga upya ameacha ufunguo wa zamani ukifanya kazi mikononi mwa kila aliyekwisha kuivuta taswira ya awali.