Picha ya kidonda cha tumbo: Rangi zake zina maana gani?

MGONJWA anayekabidhiwa picha za ndani ya tumbo lake baada ya kuchunguzwa kwa kamera mara nyingi hushtuka kabla ya kusoma ripoti. Anaona shimo jeupe lililozungukwa na wekundu, nalo limeenea picha nzima. Aghalabu kidonda chenyewe ni kidogo kuliko anavyodhani, kwa kuwa kamera husogea karibu na kukuza kila kitu. Cha kutazamwa ni milimita zilizoandikwa katika ripoti.

Ukuta wa tumbo lenye afya huwa na rangi ya waridi na hung'aa kwa unyevu. Ukipata gastriti, huweza kuonekana mwekundu, wenye madoa na uliofura. Baadhi ya watu huiita hali hii uvimbe, neno linalotisha kwa kuwa hutumiwa pia kutaja saratani. Hapa linamaanisha kufura kwa utando wa ndani. Hata hivyo, wekundu pekee hautoshi. Gastriti huthibitishwa kwa hadubini.

Kidonda ni pengo lililozama katika utando huo, kwa kawaida lenye upana wa milimita 5 au zaidi. Tuseme ripoti inataja kidonda cha milimita 8 katika sehemu ya chini ya tumbo, chenye sakafu safi. Hiyo ni habari ya kutuliza. Weupe unaoonekana si usaha, bali ni utando wa protini uliofunika jeraha, na hakuna dalili ya kuvuja damu. Doa jeusi lingeashiria damu iliyoganda, nao mshipa uliojitokeza kwa kawaida hutibiwa papo hapo kupitia mpira uo huo wa kamera.

Ripoti hiyo ikiongeza kwamba vinofu vimechukuliwa kingoni mwa kidonda, haimaanishi kuwa daktari tayari ameona saratani. Hiyo ni desturi kwa vidonda vya tumbo, kwani jicho pekee haliwezi kuondoa shaka. Vinofu vingine huchunguzwa bakteria aitwaye Helikobakta pailori, ambaye uvumbuzi wake uliwapa Barry Marshall na Robin Warren Tuzo ya Nobel mwaka 2005.

Bakteria huyo akipatikana, mgonjwa hupewa dawa, kwa kawaida za siku 14, kisha hupimwa tena angalau wiki 4 baada ya kumaliza antibiotiki. Asipopatikana, daktari huuliza kuhusu dawa za maumivu kama vile aspirini, ibuprofeni na diklofenaki, ambazo pia husababisha vidonda. Kamera huweza kurudiwa baada ya wiki 8 hivi ili kuthibitisha kwamba kidonda kimefunga.

Matokeo ya vinofu yanaposubiriwa, dalili zisizofaa kungojewa ni kutapika damu, kinyesi cheusi kama lami, kuzirai au maumivu makali ya ghafla. Hizo zahitaji hospitali mara moja.