Kipaumbele kina umoja wake

Livunje neno: ki-pa-umbele, kinachopewa nafasi ya mbele. Ofisini siku hizi tunasikia "vipaumbele vyetu kumi na viwili", nami hujiuliza hiyo mbele ina upana gani.

Tuseme umezindua programu ya simu ya kuweka hesabu za vikoba. Wiki mbili zimepita. Watu 200 wamejiandikisha, 120 wamefungua kikundi, ila 45 tu wameingiza mchango wa kwanza. Kwenye ujumbe, 30 wanaomba skrini nyeusi ya usiku; 6 wanalalamika kwamba mchango haukubali. Ukihesabu kura, skrini nyeusi imeshinda. Lakini wanaoiomba wameshaingia ndani na wametulia. Aliyekwama mara nyingi haandiki, anafuta programu na kurudi kwenye daftari lake.

Namba zinaonyesha watu wanapomwagikia zaidi kwa uwiano: 75 kati ya 120 wenye kikundi hawakufika kwenye mchango. Sababu hazisemi. Pigia simu watano kati ya hao, waulize walifika wapi. Tuseme wanne wanakujibu kwamba fomu iliwadai namba ya NIDA ya kila mwanachama; nani anayo kichwani? Kuifanya iwe ya hiari ni kazi ya siku moja, na hiyo ndiyo ya kwanza. Skrini nyeusi iandike chini ya "baadaye", bila tarehe.

Ukisharekebisha, pima waliojiandikisha wiki inayofuata peke yao. Ukiwachanganya na wale 200, walioondoka zamani watakufichia mabadiliko.