Seli maalumu

Seli maalumu ni seli ambayo umbo na sehemu zake vinalingana na kazi moja mahususi katika mwili wa mnyama au mmea. Mbegu ya kiume, kwa mfano, ina mkia wa kuogelea, mitokondria za kuupa nishati, na kichwani vimeng'enya vya kupenya tabaka la nje la yai. Seli ndefu zilizo chini ya ngozi ya juu ya jani zimejaa kloroplasti, kwa kuwa hapo ndipo mwanga hufika kwa wingi.

Seli ya unyweleo wa mzizi haina kloroplasti, maana ardhini hakuna mwanga. Upande wake mmoja hurefuka na kupenya kati ya chembe za udongo, hivyo eneo la kufyonza huongezeka. Maji huingia kwa osmosisi, kwa sababu utomvu wa seli una chumvichumvi na sukari nyingi kuliko maji ya udongo. Ukuta wake ni mwembamba, kwa hiyo unyweleo hukatika upesi. Mche wa nyanya uking'olewa ovyo, nyweleo zake hukatika, nao hunyauka hata ukimwagiliwa. Ndiyo maana miche huhamishwa pamoja na udongo wake.